Vipande 45: kisa cha hotuba ya ufunguzi iliyoandikwa kwa ajili ya mkalimani, Mtwara

Kisa hiki ni cha kweli. Nimeondoa majina ya watu, taasisi, ukumbi na mwaka, na tarakimu moja iliyokuwa kwenye hotuba nimeibadilisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuiandaa hotuba, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayoelezwa ni yangu.

Usuli

Mkutano ulikuwa wa siku mbili, Mtwara mjini, juu ya ubanguaji wa korosho. Washiriki walikuwa kama mia moja na hamsini. Wengi walikuwa viongozi wa vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, maofisa ugani, wabanguaji wadogo kutoka Newala, Tandahimba, Masasi na upande wa Lindi, na watafiti wachache. Wageni wasiojua Kiswahili walikuwa ishirini na kidogo, wanunuzi na wauza mitambo, na Kiingereza ndiyo lugha waliyoelewana nayo wote.

Ukalimani sambamba, ule wa kibanda na visikio, ulifikiriwa kwa muda mfupi ukaachwa. Mitambo ingebidi ikodiwe Dar es Salaam, isafiri zaidi ya kilomita 550, na ingehitaji wakalimani wawili wa kupokezana, kwa kuwa kazi ya kibanda haifanywi na mtu mmoja kutwa nzima. Waandaaji walikuwa na fedha ya mkalimani mmoja. Kwa hiyo ukachaguliwa ukalimani fuatizi: msemaji anasema kipande, ananyamaza, mkalimani anakisema kwa Kiingereza, ananyamaza, msemaji anaendelea.

Mkalimani alitoka nje ya mkoa. Alikuwa mzoefu wa semina za afya, lakini korosho kwake ilikuwa kitu cha kwenye kibakuli. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi wa umma anayejua Kiingereza vizuri ila aliyetaka kuzungumza Kiswahili, na nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu ukumbi ulikuwa wa wakulima.

Rasimu iliyonifikia

Hotuba iliandikwa na ofisi yake ikanifikia siku nne kabla ya ufunguzi. Ilikuwa na maneno 1,410. Ratiba ilimpa dakika 20, na barua ya mwaliko ilisema "dakika 20 pamoja na ukalimani". Aliyeandika rasimu hakuwa ameyaona maneno matatu ya mwisho, au aliyaona akadhani mkalimani atasema juu kwa juu.

Nilimwomba msaidizi wa mgeni rasmi asome ukurasa mmoja kwa mwendo wa bosi wake huku nikipima kwa simu. Alitoka na maneno 95 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kawaida kwa hotuba rasmi ya Kiswahili, maana maneno yetu ni marefu na neno moja kama "tunawakaribisha" hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Kwa mwendo huo, maneno 1,410 ni karibu dakika 15 za Kiswahili kitupu. Weka Kiingereza juu yake, unafika 30 kabla ya makofi.

Hesabu niliyoifanya ilianzia mwisho kuja mwanzo. Katika dakika 20 nilitoa 2 za salamu na makofi, zikabaki 18. Nilikisia vipande 45. Kila kipande kina makabidhiano mawili, kwenda kwa mkalimani na kurudi, na kila kabidhiano hula kama sekunde moja na nusu hata watu wakiwa wepesi. Hizo ni sekunde tatu mara 45, dakika mbili na robo. Zilizobaki, dakika 15 na robo tatu, niligawa nusu kwa nusu kati ya msemaji na mkalimani. Kila mmoja alipata chini kidogo ya dakika 8. Mara maneno 95, hotuba isizidi maneno 750. Yaani nusu ya rasimu iende.

Nilipompelekea msaidizi hesabu hiyo alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Mzee hatakubali." Alikubali. Kilichomshawishi ni zile dakika mbili na robo za makabidhiano; hakuwahi kufikiria kwamba ukimya nao una muda wake.

Kilichokatwa kwanza

Itifaki pekee ilikuwa na maneno 160. Kuanzia Mkuu wa Mkoa, Wakuu wa Wilaya, Makatibu Tawala, Wakurugenzi, wenyeviti wa vyama, viongozi wa dini, wawakilishi wa wawekezaji, mpaka "mabibi na mabwana". Orodha hiyo kusemwa mara mbili, kwa lugha mbili, ingekula zaidi ya dakika tatu, na wageni wangeshinda wakisikiliza vyeo vya watu wasiowajua. Lakini huwezi kuifuta tu. Kiongozi asiyetajwa anakumbuka.

Tuliamua mshereheshaji aitaje yote mwenyewe, kwa Kiswahili, wakati wa kumkaribisha mgeni rasmi, na wenye vyeo wasimame wakionekana. Mgeni rasmi yeye angesema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Hapo mkalimani aliuliza swali zuri: hilo analisemaje? Ukilifasiri neno kwa neno, mgeni wa nje anabaki akijiuliza ni kanuni gani imezingatiwa na nani alitaka kuivunja. Tukakubaliana aseme tu salamu fupi ya heshima kwa wote waliopo.

Baada ya itifaki zilifuata shukrani zilizorudiwa mara tatu, historia ya zao, na tarakimu kumi na moja kati ya kumi na nne. Hayo sikuyapigania sana. Yalikuwa tayari kwenye makabrasha ya mkutano.

Sentensi moja, kwa karibu

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye yaliyobaki. Hii ni sentensi mojawapo, kama ilivyokuja:

"Kwa kuzingatia kwamba zao la korosho ambalo ndilo tegemeo kuu la wananchi wa mikoa yetu ya kusini limeendelea kukabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo ubwiriunga, uuzaji holela nje ya mfumo rasmi na uhaba wa viwanda vya kubangulia, hali inayosababisha korosho nyingi kusafirishwa zikiwa ghafi, Serikali kwa kushirikiana na wadau imeona ipo haja ya kuendelea kuwahamasisha wawekezaji wa ndani na nje ili waje kuwekeza katika ubanguaji, jambo ambalo litaongeza ajira kwa vijana na kinamama pamoja na kipato cha mkulima."

Ina maneno 77. Kitenzi kinachobeba sentensi nzima, "imeona", ni neno la 49. Mkalimani anayeandika kwenye kidaftari anangoja nusu dakika kujua sentensi inakwenda wapi, na wakati huo wote ameshika mkononi kitu kinachoanza na "kwa kuzingatia kwamba". Msemaji akivuta pumzi katikati, kwa mfano baada ya "ghafi", mkalimani hana la kusema. Kile alichopewa hakijawa fikra bado, ni kibali cha kungoja fikra.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya kwa upande wa pili. Nilikata kila kitu:

"Korosho ni tegemeo letu. / Zipo changamoto. / Ubwiriunga ni mojawapo. / Nyingine ni uuzaji holela. / Zinasafirishwa zikiwa ghafi. / Viwanda ni vichache."

Tuliposoma kwa sauti, mimi Kiswahili na mkalimani Kiingereza, ilikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Vipande vya maneno matatu havimpi msikilizaji wa lugha yoyote muda wa kutulia kwenye lugha yake. Kabla hajakaa, amehamishwa. Ila kasoro kubwa zaidi aliiona mkalimani, kwenye "zinasafirishwa". Aliniuliza, "Zipi, changamoto?" Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Korosho na changamoto zote zinachukua "zi-". Katika sentensi ndefu mwenye lugha haulizi, kwa sababu nomino iko karibu. Ukishaikata sentensi na kuweka sekunde kumi za Kiingereza katikati, ile "zi-" inaning'inia peke yake. Na Kiingereza kina kiwakilishi kimoja tu cha wingi kwa watu na vitu vyote, kwa hiyo ngeli zetu, zinazotusaidia kujua nani anasemwa bila kumtaja tena, hazivuki kwenda upande ule kabisa.

Kuanzia hapo tulikuwa na kanuni moja: kipande kipya kitaje nomino yake upya. Hata kama mwalimu wa insha angesema unarudiarudia neno. Kwenye hotuba inayokatizwa na lugha nyingine, kurudia ndiyo gundi.

Toleo lililosomwa siku yenyewe ni hili:

"Sisi watu wa kusini tunaishi kwa korosho. Lakini mkulima wa korosho ana maadui watatu.
———
Adui wa kwanza ni ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho.
———
Adui wa pili ni kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya chini nje ya mnada.
———
Adui wa tatu ni uchache wa viwanda. Korosho zetu nyingi bado zinasafirishwa zikiwa ghafi.
———
Kwa hiyo tunawakaribisha wawekezaji wa ubanguaji. Kiwanda kikijengwa hapa, kijana wa hapa atapata kazi."

Hesabu maneno: ni 70. Kutoka 77 yamepungua saba tu. Watu husikia "sentensi fupi" wakadhani kazi ni kupunguza maneno. Hapa kilichopungua ni muda wa kushikilia. Kila kipande kina maneno kati ya 13 na 15, sekunde nane hadi kumi, na kila kimoja kingeweza kuwa cha mwisho bila kuonekana kimekatwa shingo.

"Maadui watatu" iliingia kwa makusudi. Mtanzania akisikia hesabu hiyo anakumbuka Mwalimu Nyerere na ujinga, maradhi na umaskini, na ukumbi unaelewa kwamba jambo limepandishwa cheo. Mgeni hasikii mwangwi huo, lakini hapotezi kitu, kwa kuwa hesabu ya moja, mbili, tatu inamwongoza na yeye. Methali mbili zilizokuwa kwenye rasimu hazikuwa hivyo. Zilihitaji maelezo ndiyo zieleweke, na mkalimani anayeeleza methali hufika mwisho wakati wenyeji wameshamaliza kutabasamu. Nilizitoa kwa shingo upande.

"Kangomba" niliiweka mimi badala ya "uuzaji holela". Kila mtu wa Mtwara na Lindi analijua neno hilo, na mgeni rasmi angelitamka tu hata lisipoandikwa. Afadhali liwepo kwenye karatasi likiwa na fasili yake, mkalimani alione siku tatu kabla, kuliko limrukie jukwaani. Alipewa maneno kumi na mawili ya namna hiyo: bibo, korosho ghafi, kubangua, stakabadhi ghalani, salfa, na mengineyo. Kwenye "bibo" tulikaa muda. Alikuwa na hakika kwamba ni aina ya korosho. Nilimletea moja lililokaushwa kutoka sokoni ajionee kwamba tunda ni hilo na korosho ndiyo inayoning'inia chini yake.

Tarakimu

Zilibaki tarakimu tatu. Moja, tuseme ilikuwa tani 210,000, iliandikwa "elfu mia mbili na kumi". Soma tena. Inaweza kuwa 210,000, inaweza kuwa 200,010. Kwenye kikao cha watu wa korosho hakuna atakayekosea, kwa sababu wanajua ukubwa wa msimu. Mkalimani wa semina za afya hajui.

"Laki mbili na elfu kumi" haina utata, na wakulima ndivyo wanavyosema. Ubaya wake ni kwamba Kiingereza hakina laki, hivyo mkalimani analazimika kupiga hesabu kichwani huku watu 150 wakimtazama. Tulichofanya ni mgeni rasmi kusema laki, na nakala zote mbili kuwa na 210,000 kwa herufi nene pembeni ya kipande, ili mkalimani asome tarakimu badala ya kulifasiri neno. Tarakimu moja kwa kipande kimoja, haipandi na nyingine.

Saa zilikuwa na mtego wa aina hiyohiyo. Kipande cha mwisho kilitangaza safari ya kwenda kuona ghala, mabasi kuondoka saa nane mchana. Saa nane yetu ni saa mbili yao, na mkalimani akiwa amechoka ndimi huteleza. Pembeni tuliandika 14:00.

Na jinsia. Kulikuwa na kisa cha mbanguaji mmoja aliyeanza na kikaango kimoja nyumbani. Kwenye mazoezi mkalimani alimfanya mwanamume kwa vipande vitatu, hadi kilipofika kipande kinachosema mume wake aliuza pikipiki ili yeye apate mtaji. "Yeye" haisemi ni nani. Kiingereza kinamlazimisha mkalimani achague mara ya kwanza anapofungua mdomo. Tukaanza na "mama mmoja wa Newala" na mambo yakaisha.

Karatasi, jukwaa na mazoezi

Hotuba ilichapwa kwa herufi za ukubwa wa 18, upande mmoja wa karatasi, vipande vitano kwa ukurasa, na hakuna kipande kilichovuka ukurasa. Karatasi hazikubanwa pini. Alama ya kunyamaza ilikuwa mstari mlalo. Mwanzoni nilikuwa nimeandika SUBIRI kwenye mabano, kama inavyofanywa sehemu nyingi, na kwenye mazoezi msaidizi aliisoma kwa sauti: "...majani machanga ya mkorosho, subiri." Tulicheka, lakini yule ni msomaji mzuri, na kama yeye aliisoma, mgeni rasmi angeisoma vilevile. Mstari haumshawishi mtu kuutamka.

Ukumbi ulikuwa na kipaza sauti kimoja cha mimbari na kimoja cha mkono. Fundi alitaka mkalimani ashike kile cha mkono. Nilikataa. Mwenye kipaza sauti mkono mmoja na kidaftari mkono wa pili haandiki, na asiyeandika anategemea kumbukumbu. Ilitafutwa stendi, na meza ndogo ya kuwekea karatasi. Mkalimani alisimama hatua mbili kando ya mimbari, nyuma kidogo, akiuona mdomo na mkono wa msemaji.

Mgeni rasmi mwenyewe alipatikana kwa dakika kumi tu, jioni ya kuamkia ufunguzi. Tulifanya vipande sita. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, akifika kwenye mstari ashushe sauti na kuinamisha macho kwenye karatasi, ili mkalimani na ukumbi wote wajue amemaliza; akimgeukia mkalimani kumtazama, hugeuka msimamizi wa mtihani. La pili, asianze mpaka asikie sauti ya mkalimani imeshuka na ukimya wa kuhesabu moja umepita. Mapangaboi ya ukumbi ule yalikuwa na kelele, na mmoja akimrukia mwenzake, asingesikika yeyote kati yao.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa juu ya Kiingereza. Mkalimani aliomba nimruhusu aandike tafsiri kamili kabla, ili lugha iwe nzuri. Nikakubali. Tuliichapa kwa vipande vilivyo na namba zilezile, 1 hadi 45. Niliona ni ulinzi: maneno ya korosho yalikuwa mageni kwake, na mgeni rasmi alikuwa ameahidi kufuata karatasi.

Siku yenyewe

Alianza nje ya karatasi, kama nilivyotarajia. "Mtwara kuchele!" Ukumbi ukaitika kwa kishindo. Mkalimani alingoja kelele ziishe, akasema kwa ufupi kwamba ni salamu ya watu wa Mtwara ya kusema kumekucha, wageni wakatabasamu, tukaingia kipande cha kwanza.

Vipande 30 vilikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Kwenye maadui watatu wageni waliandika kwenye vidaftari vyao mara tatu, ilionekana. Kwenye kisa cha mama wa Newala kulikuwa na kicheko mara mbili, kwanza cha Kiswahili kisha cha Kiingereza, na katikati mgeni rasmi alinyamaza kweli.

Kisha akafunua karatasi mbili kwa pamoja. Joto la Mtwara na jasho la vidole, kurasa zilishikana. Kutoka kipande cha 30 alirukia cha 36, bila kujua, kwa sababu kipande cha 36 nacho kilianza na nomino na kilijitegemea kama nilivyotaka kila kimoja kijitegemee. Mkalimani alikuwa amekwishainamia karatasi yake. Akasoma cha 31, chenye ile tarakimu ya tani.

Wageni hawakuona kitu. Wanaojua lugha zote mbili, ambao ukumbini walikuwa wengi, wakaanza kutazamana. Mgeni rasmi akageuka akitabasamu, akasema kwenye kipaza sauti: "Hilo sijalisema bado, dada." Ukumbi ukavunjika mbavu. Mkalimani akanyamaza sekunde kadhaa, akatafuta ukurasa, akaomba radhi kwa lugha zote mbili. Mgeni rasmi akarudi ukurasa uliorukwa, akaanza upya. Ilikula zaidi ya dakika moja, na kuanzia hapo mkalimani alisoma kwa woga, akichungulia karatasi ya msemaji kabla ya kila kipande, na makabidhiano yakawa marefu.

Hotuba iliisha kwa dakika 23. Mabasi ya saa nane yaliondoka na watu wote.

Uchambuzi

Hesabu ya muda ilisimama. Dakika tatu za ziada zinaelezeka zote: salamu, makofi, na lile tukio. Kama tungefuata rasimu ya awali, mwenyekiti wa kikao cha pili angekuwa bado anangoja baada ya dakika 30. Ninachokibadilisha ni makadirio ya salamu. Kwa ukumbi wa kusini, dakika 2 ni uchoyo. Siku hizi natoa 4.

Vipande vya maneno 13 hadi 18 vilifanya kazi. Vitatu vilivyofika maneno 25 ndivyo pekee ambavyo mkalimani aliviacha nusu, na kila mara kilichoachwa kilikuwa katikati ya kipande, wala si mwanzo au mwisho wake. Hilo linasema mahali pa kuficha jambo lisilo la lazima, ukitaka.

Kosa la kipande cha 31 watu walimlaumu mkalimani. Mimi sikubaliani. Mtu mwenye tafsiri kamili mkononi huacha kusikiliza. Macho yana kasi kuliko masikio na karatasi ni rafiki mwaminifu kuliko msemaji. Nilimgeuza mkalimani kuwa msomaji wa hotuba ya pili, iliyokwenda sambamba na ya kwanza kwa bahati tu. Karatasi zilizoshikana ziliionyesha hali hiyo, hazikuisababisha. Mgeni rasmi angeongeza sentensi mbili za kichwani, matokeo yangekuwa yaleyale.

Na bado siwezi kusema tafsiri ile haikuwa na faida. Kiingereza cha vipande 30 vya kwanza kilikuwa kizuri kuliko chochote ambacho mtu angekitoa papo kwa papo juu ya ubwiriunga. Tatizo lilikuwa kuipeleka jukwaani. Angeiandika, akaisoma mara nne hotelini, akaiacha hotelini.

Hotuba ya kufunga, siku ya pili, tuliiandaa hivyo. Mkalimani alipanda na karatasi moja: majina, tarakimu, na neno moja la kukumbushia kila kipande. Namba za vipande niliziandika kubwa kwenye karatasi za msemaji, nikazikunja ncha kila ukurasa ili zisishikane. Aliyefunga mkutano alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, mzee asiyependa kusoma. Aliziweka karatasi mimbarini, akazungumza kichwani, akiongeza na kupunguza, na kila baada ya sentensi mbili alinyamaza mwenyewe bila kuangalia mstari. Nilipomwuliza baadaye alijifunzia wapi, alisema miaka mingi ameendesha mikutano ya kijiji ambako yeye husema Kiswahili na kijana mmoja huwageuzia wazee kwa Kimakonde.